Kidukari, kunguni au kiwavi? Ulinganisho wa picha za maua na maganda ya kunde

Machi inapoingia Lubumbashi, kunde zilizopandwa Januari zinakuwa kwenye maua, na zile zilizotangulia kidogo tayari zina maganda. Ndipo picha zinapoanza kumiminika kwenye simu yangu, kutoka viwanja vya Annexe, kutoka mashamba ya barabara ya Kasenga, kutoka upande wa Kipushi. Nyingi zinakuja na swali lilelile: niweke dawa gani? Na nyingi zinaonyesha kazi ya mmoja kati ya wahusika watatu, yaani vidukari, kunguni wanaofyonza maganda, au kiwavi anayetoboa maganda.

Watatu hawa hawazuiliwi kwa njia moja wala kwa wakati mmoja. Mmoja unaweza kumwondoa kwa sabuni. Mwingine hafikiwi na dawa akishaingia ndani. Wa tatu anaruka mbali kabla hujamfikia na bomba, kisha anarudi jioni. Kwa hiyo kazi ya picha si kumjua mdudu kwa ajili ya kumjua tu. Ni kuamua kama utanunua kitu, utanunua nini, na utakipuliza lini.

Mimi naanza na jeraha la mmea kabla ya kumtafuta mdudu, na sababu ni hii. Kati ya watatu hao, kidukari peke yake ndiye anayekaa kutulia akapigwa picha. Kiwavi yuko ndani ya ua au ndani ya ganda. Kunguni wengi hukimbia kivuli cha mtu. Basi anayeonekana kwenye picha ndiye anayebebeshwa lawama za wote. Nimeona picha nyingi za maganda yaliyonyauka ambazo mwenye shamba ameweka alama nyekundu kwenye vidudu vyeusi vitano vya kikonyo, wakati ganda lenyewe linasema habari tofauti kabisa.

Wahusika kwa ufupi

Kidukari wa kunde, ambaye ukimtafuta mtandaoni utaandika *Aphis craccivora*, ana urefu wa takriban milimita 2, sawa na kichwa cha kijiti cha kiberiti au chini yake. Aliyekomaa ni mweusi anayeng'aa, miguu yake ni myeupe yenye ncha nyeusi. Wadogo ni wa kijivu, wamefifia kana kwamba wamepakwa unga. Jike huzaa watoto hai bila kupandwa na dume, ndiyo maana leo unaona watatu na baada ya juma moja kikonyo chote kimekuwa cheusi. Hukaa kwenye ncha changa, kwenye vikonyo vya maua na kwenye maganda mabichi.

Kunguni wa maganda ni kundi, si mdudu mmoja. Wa kawaida sana ni *Clavigralla tomentosicollis*, wa kahawia iliyochanganyika na kijivu, mnene, mwenye manyoya, urefu kama sentimita 1, na mabega yake yana miiba. Yuko pia *Anoplocnemis curvipes*, mweusi, mkubwa wa sentimita 2 na nusu au zaidi, mwenye mapaja mazito ya nyuma. Wako *Riptortus* na *Mirperus*, wembamba, wepesi wa kuruka. Wote wana mdomo kama sindano, na wanauchoma kupitia ukuta wa ganda hadi kwenye punje.

Kiwavi mtoboa maganda ni mtoto wa nondo anayeitwa *Maruca vitrata*. Ana rangi ya maziwa au kijani hafifu, kichwa cha kahawia, na madoa meusi yaliyopangana mawili mawili mgongoni. Akikomaa anakaribia sentimita 2. Nondo mwenyewe hutembea usiku, kwa hiyo picha yake ni nadra, na hata ukiipata haikusaidii sana.

Jedwali hili linatosha kwa picha rahisi. Zile ngumu ndizo nitakazozikalia.

| Unachoangalia | Vidukari | Kunguni wa maganda | Kiwavi mtoboa maganda |
|---|---|---|---|
| Ua | Kikonyo cheusi, kinanata | Kwa kawaida hakuna dalili | Petali zimeshikana kwa nyuzi, ndani kuna uchafu wa kahawia |
| Tundu kwenye ganda | Hakuna | Hakuna linaloonekana kwa macho | Lipo, na kinyesi mdomoni mwake |
| Punje | Nzima, huenda ndogo | Zimekunjamana, zina madoa | Zimeliwa, pengine nusu imebaki |
| Yuko wapi unapopiga picha | Palepale | Amekimbia au amedondoka chini | Ndani |

Ua: usiliamini lililoanguka

Picha inayotumwa mara nyingi kuliko zote ni ya maua yaliyolala chini ya mmea. Ni picha isiyoamua kitu. Ua la kunde hufunguka asubuhi mapema, hujifunga kabla ya saa sita mchana, na halichukui muda kuanguka. Tena mmea wenye afya hudondosha wenyewe sehemu kubwa ya maua yake, kwa kuwa hauna nguvu ya kulea yote. Kapeti ya maua yaliyokauka inaweza kuwa ya shamba zuri kabisa.

Picha inayoamua ni ya ua lililofunguliwa kwa mkono. Chuma maua asubuhi, yale yaliyo wazi na vitumba vilivyokaribia kufunguka, kutoka mimea iliyotawanyika, si kutoka mstari mmoja wa pembeni. Yaweke kwenye karatasi nyeupe. Vuta petali moja moja mpaka ufikie ile iliyojikunja katikati kama mtumbwi, kisha ipasue kwa ukucha. Kiwavi mchanga atakuwa hapo, mwenye milimita chache tu, mweupe na kichwa cheusi. Hata kama ametoka, ameacha mabaki: petali zilizogandana kwa nyuzi nyembamba, shimo dogo pembeni, na punje za kinyesi zenye unyevu. Ua lililonyauka likabaki limening'inia, limeshonwa na jirani yake au na jani, ni saini ya kiwavi huyu. Ua lililoanguka kwa ukomo wake ni safi ndani.

Vidukari kwenye ua hukaa nje, hasa kwenye kikonyo. Utaona pia ngozi nyeupe walizozivua, na watu wengi huzidhania kuwa ukungu au wadudu wengine weupe. Kuza picha kidogo: ngozi ya kidukari ina umbo la kidukari, miguu na yote, ila ndani hamna kitu.

Kunguni kwenye picha ya ua ni karibu kumwondoa kwenye orodha. Yeye anafuata punje, na ua halina punje. Ukimwona ametua juu ya ua, chukulia kwamba anasubiri.

Kuna mtu wa nne anayejipenyeza hapa, na nimtaje ili asiwachafulie hesabu. Ni thiripi wa maua, mweusi, mwembamba kama kipande cha uzi, mfupi hata kuliko kidukari. Yeye huua kitumba kabla hakijafunguka. Ukiona kikonyo kirefu chenye makovu tu, vitumba vyote vimekauka vikiwa vidogo na hakuna nyuzi wala kinyesi, usimtafute kiwavi. Kung'uta maua kadhaa juu ya karatasi nyeupe na uangalie kinachotembea.

Ganda: tundu au hakuna tundu

Swali la kwanza kwenye picha ya ganda ni moja tu, kuna tundu au hakuna. Kwa hiyo ganda lazima lipigwe pande zote mbili, maana kiwavi hupenda kuingilia pale ganda linapogusana na ganda lingine, au linapogusa jani au shina. Ukipiga upande wa nje unaong'aa na jua, utatuma picha ya ganda zima huku mlango uko nyuma. Ninapoomba picha ya pili, mara nyingi naomba tu watenganishe maganda mawili yaliyolaliana.

Tundu la kiwavi huyu lina uchafu. Kinyesi cha kahawia kimejikusanya mdomoni, wakati mwingine kimeshikwa na nyuzi. Pasua ganda kwa urefu na utaona njia aliyopita, punje zilizochimbwa, na uchafu mwingine ndani. Pengine mwenyewe yumo, pengine ameshahamia ganda la jirani, kwani hamalizii maisha yake kwenye ganda moja.

Matundu mengine mawili yanafanana na hilo kwenye picha mbaya. Tundu kubwa, pana, ambalo kiwavi mnene ameingiza kichwa na kiwiliwili chake kimebaki nje, ni la yule kiwavi mla mengi anayekula pia nyanya na mahindi. Na tundu dogo la mviringo, safi, lisilo na kinyesi, kwenye ganda lililokwisha kukauka, ni mlango wa kutokea wa fukusi wa kunde. Huyo utamkuta tena ghalani, na dawa ya shambani haimhusu. Ukitazama vizuri ganda au punje utaona mayai yake, vidoa vyeupe vilivyogandishwa juu.

Sasa ganda lisilo na tundu lakini limeharibika. Hapa ndipo kunguni anapopotea kwenye macho ya watu. Yeye hachimbi. Anachoma, anamimina mate yanayolainisha punje, anafyonza, anaondoka. Kidonda chake cha nje ni kidogo mno kuonekana kwa simu ya kawaida. Kinachoonekana ni matokeo: ganda changa linapinda, linasinyaa, linageuka njano kisha rangi ya majani makavu kabla ya wakati wake, wakati majirani zake bado ni mabichi. Ganda lililokwisha kujaa linaweza kubaki na umbo zuri kabisa kwa nje, na mwenye shamba hajui kitu mpaka siku ya kupura.

Kwa hiyo picha ya ganda la namna hii haina thamani likiwa limefungwa. Lipasue. Punje iliyofyonzwa imekunjamana, ina mashimo madogo ya kubonyea na madoa meusi au ya kahawia, na imebaki imeshikamana mahali pake. Kwenye ukuta wa ndani wa ganda utaona vidoa vya kahawia pale sindano ilipopita. Tofautisha na chumba ambacho punje haikuumbika kabisa, kwa ukame au kwa ua lisilochavushwa vizuri: hapo kuna kidoti bapa tu, ganda limebanwa sawasawa, na ukuta wa ndani ni safi. Picha mbili hizo zikiwekwa sambamba mtu yeyote anaona tofauti. Ikiwa moja tu, hata mzoefu anasita.

Na vidukari kwenye ganda? Wanalinyonya utomvu, na wakiwa wengi ganda linadumaa. Lakini kinachotisha kwenye picha mara nyingi ni weusi usio wa mdudu wala wa ugonjwa wa ganda lenyewe. Vidukari hutoa majimaji matamu, yanadondoka chini, na ukungu mweusi unaota juu yake. Jaribio lake ni jepesi kiasi kwamba nalipenda kuliko kamera: lowesha kidole, sugua. Weusi ukitoka na chini ganda likawa kijani, ni ukungu wa majimaji ya vidukari. Usipotoka, ama ni ugonjwa wa madoa ya ganda ama ni kazi ya kunguni, rudi kwenye kupasua. Omba mtu akutumie picha ya kabla na ya baada ya kusugua.

Sisimizi, shahidi anayedanganya

Tumezoea kusema penye sisimizi pana vidukari. Kwa mimea mingi ni kweli, kwa sababu sisimizi hunywa yale majimaji matamu na huwafukuza wadudu wanaowala vidukari. Kwa kunde usitegemee hilo. Kikonyo cha maua ya kunde kina vituta vidogo kati ya ua na ua ambavyo vyenyewe hutoa asali. Sisimizi wanapanda kunywa hapo hata kama shamba lote halina kidukari mmoja. Picha ya sisimizi watatu kwenye kikonyo, basi, inaonyesha sisimizi watatu kwenye kikonyo. Tafuta vidukari wenyewe, ngozi nyeupe, au unyevu unaonata kwenye majani ya chini.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Watoto wa *Riptortus* na *Mirperus*, kabla hawajaota mabawa, wamefanana na sisimizi hadi kwenye mwendo. Weusi au kahawia nyeusi, kiuno chembamba, wanakimbia juu ya ganda kwa haraka. Mwenye shamba anakutumia picha, anaandika "ni sisimizi tu", na kumbe ndio wanaomnyonyea punje.

Wanatofautishwa kwa mambo mawili yanayoonekana hata kwenye picha ya wastani. Vipapasio vya sisimizi vimevunjika katikati, vina kiwiko. Vya mtoto wa kunguni vimenyooka, virefu, vimegawanyika vipande vinne, na mara nyingi kipande cha mwisho ni kirefu. Na ukipata picha ya ubavuni, sisimizi ana taya mbele ya kichwa. Kunguni ana sindano iliyokunjwa chini ya kifua kati ya miguu. Ikiwa huwezi kuona hayo, angalia mahali. Sisimizi wako kwenye kikonyo, wanapishana kwa msururu. Wale wengine wako juu ya ganda lenyewe, mmoja mmoja, hawana njia wanayoifuata.

Picha tatu za mama wa barabara ya Kasenga

Nichukue mfano mmoja, ili uone maamuzi yanavyokwenda. Mama mmoja mwenye kunde nyuma ya mahindi yake aliandika: "Yaya, angalia kunde yangu. Maganda inakauka, alafu sioni hata mududu moja. Niweke dawa gani?" Chini akaweka picha tatu.

Ya kwanza ilikuwa kikonyo chenye sisimizi, na karibu na ncha kuna kundi dogo la weusi. Nilipoikuza, weusi walikuwa wa aina mbili, wanaong'aa na wa kijivu, na ngozi nyeupe zimetapakaa. Vidukari, hapana shaka. Katikati yao kulikuwa na wawili waliovimba kama mpira, rangi ya mchanga, hawang'ai. Hao ni vidukari waliokufa, ndani yao kuna mtoto wa nyigu mdogo. Halafu kando alikuwepo mbawakawa wa mviringo mwenye mabaka meusi, ambaye chakula chake ni vidukari. Kundi hili lilikuwa linaliwa tayari.

Ya pili ilikuwa maganda mawili yaliyopinda, ya njano, bila tundu. Ya tatu ilikuwa shamba lote kutoka mbali, jua la saa saba, haina la kusema.

Kama ningejibu kwa picha ya kwanza, ningemwambia apulize dawa ya vidukari, na angewaua mbawakawa pamoja na nyigu huku maganda yakiendelea kukauka. Kwa hiyo nilimwomba vitu viwili. Aende saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapasha joto, kwa sababu kunguni wakiwa na baridi ni wazito, hawaruki. Asogelee polepole, aweke beseni jeupe chini ya fungu la maganda, alitikise mara moja, apige picha ya beseni. Pili, achume maganda kumi mahali mbalimbali, mazuri na mabaya, ayapasue yote na kuyapanga kwenye gazeti, na kijiti cha kiberiti kando yake ili nijue ukubwa.

Beseni lilileta jibu. Ndani yake walikuwa kunguni wa kahawia wenye miiba mabegani, wakubwa wachache na watoto wengi wa kijivu wenye vijimiiba, wamejifanya wamekufa. Hao ni *Clavigralla*. Desturi yao ni hiyohiyo, ukiwashtua wanajiachia chini badala ya kuruka, na ndiyo maana mchana hakuwaona: walikuwa wanadondoka kwenye majani makavu kila alipopita. Kwenye gazeti, maganda saba yalikuwa na punje zilizokunjamana zenye madoa na hayana tundu. Moja lilikuwa na tundu na kinyesi. Mawili yalikuwa mazima.

Hapo uamuzi ukawa mwepesi. Mhusika mkuu ni kunguni. Kiwavi yupo lakini ni wa pembeni, na maganda yameshapita hatua ambayo dawa ya kiwavi ingesaidia. Vidukari waachwe na wanaowala. Alitikisa mafungu ya maganda kwenye beseni la maji ya sabuni asubuhi kwa asubuhi, na akachuma kila ganda lililokauka bila kusubiri mengine, ili wasiendelee kulifyonza. Shamba lake ni dogo, mikono inatosha. Angekuwa na hekta, ushauri ungekuwa mwingine.

Ukishamjua, unachagua nini

Kwa vidukari kwenye kunde zenye maganda, mimi siharakishi. Hatari yao kubwa ni mwanzoni, mche ukiwa mdogo, kwa sababu ya kunyonya na kwa sababu wanasambaza virusi vya batobato vinavyokunja na kuchora majani. Mmea ukishafika kwenye maganda, mvua kubwa moja inawaosha wengi. Pasipo mvua, maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, yanapulizwa moja kwa moja juu ya kundi, chini ya jani na kuzunguka kikonyo. Jaribu kwanza mimea michache na usubiri kesho yake kuona kama majani hayaungui. Sabuni inaua anayelowa tu, kwa hiyo ukipuliza kwa juujuu umepoteza maji. Kuwaua vidukari hakuponyi mmea ambao tayari una virusi. Huo ung'oe, na usitunze mbegu zake.

Kwa kiwavi, kila kitu ni wakati. Akiwa ndani ya ganda amejifungia, na dawa inayogusa nje inamkosa. Dirisha lako ni kuanzia vitumba vinapotokea mpaka maua, wakati bado ni mchanga na anahama kutoka ua hadi ua. Ndiyo maana picha za maua yaliyofunguliwa ni za thamani kuliko za maganda yaliyotobolewa: za kwanza zinakupa nafasi ya kufanya jambo, za pili zinakueleza kilichopita. Puliza jioni. Kiwavi hutembea usiku, nyuki wamerudi nyumbani, na kama unatumia dawa ya bakteria iliyoandikwa *Bacillus thuringiensis*, jua kali haliiharibu mapema.

Dawa hiyo ya bakteria inaonyesha vizuri kwa nini kutenganisha wahusika si anasa. Inafanya kazi ikiliwa na kiwavi pamoja na kipande cha ua. Kunguni na kidukari hawatafuni uso wa mmea, wanachoma na kunywa cha ndani, kwa hiyo wanapita juu ya dawa ileile bila kudhurika. Nigeria iliruhusu mwaka 2019 kunde iliyobadilishwa vinasaba ikawa na sumu hiyohiyo ya bakteria ndani yake, na hata hiyo inamzuia *Maruca* peke yake. Wafyonzaji bado wanahitaji hatua nyingine.

Kwa kunguni, kama eneo ni kubwa na mikono haitoshi, dawa ya kugusa inayoruhusiwa kwa kunde itapulizwa maganda yanapoanza kujaa, asubuhi sana wakiwa bado wazito, na si kwenye maua. Itakuwa na faida ndogo ikiwa mbaazi za jirani au za nyumbani kwako zimejaa maganda pia, maana wanakula huko na kurudi kwako. Nenda ukatikise mbaazi hizo kabla ya kununua chupa.

Jambo moja linabadilisha hesabu yote hapa kwetu. Wengi tunachuma majani ya kunde tule na bukari wakati mmea huohuo uko kwenye maua. Lebo ya dawa ina idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na watu huzihesabu kwa ajili ya maganda, wakasahau kwamba majani yaliyochumwa kesho yake ni mavuno pia. Kama nyumba inategemea majani ya shamba hilo, ondoa dawa za viwandani kwenye uchaguzi au tenga mistari ambayo haitaguswa na dawa kabisa, mbali na upepo wa bomba.

Picha ambayo naweza kuifanyia kazi

Usikuze kwa vidole wakati wa kupiga. Simu nyingi hazishiki vizuri karibu zaidi ya upana wa kiganja, kwa hiyo rudi nyuma kidogo, gusa kioo juu ya ganda ili ilenge hapo, na weka kiganja chako au karatasi nyuma yake, vinginevyo simu italenga majani ya nyuma. Piga kwenye kivuli cha mwili wako, jua la mchana linafuta madoa. Kwenye WhatsApp itume kama faili na si kama picha ya kawaida, kwa sababu ikibanwa vipapasio vya yule sisimizi wa uongo ndivyo vinavyopotea kwanza.

Na tuma ganda lililopasuliwa pamoja na lile ambalo halijapasuliwa. Picha moja ya ganda la njano, lililofungwa, isiyo na tundu, nitakujibu kwamba inaweza kuwa kunguni, ukame au ugonjwa, na jibu hilo halikusaidii kuamua kama utoe pesa au usitoe.